Gari la umeme na la petroli: jinsi ya kupiga hesabu ya hewa ukaa tangu kiwandani

Fungua jedwali tupu kwenye kompyuta. Achana na vikokotoo vya mtandaoni, kwa sababu vingi havikuonyeshi vimetumia umeme gani, na jibu lote limelala hapo. Mfano wetu ni gari dogo la umeme lenye betri ya kWh 40, tulilinganishe na gari la petroli la ukubwa huohuo linalokunywa lita 7 kwa kilomita 100.

Hatua ya 1: Petroli

Lita moja ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa. Kuchimba mafuta, kuyasafisha na kuyasafirisha huongeza kama kilo 0.6, kwa hiyo weka 2.9. Lita 7 mara 2.9 ni kilo 20.3 kwa kilomita 100, yaani gramu 203 kwa kilomita.

Hatua ya 2: Deni la betri

Mabati, viti na matairi vinakaribiana kwa magari yote mawili, viache. Kinachotofautisha ni betri. Kutengeneza kila kWh ya betri hutoa takriban kilo 60 hadi 100. Tukishika 80, betri yetu inaanza safari na deni la kilo 3,200 kabla gari halijatembea hata mita moja.

Hatua ya 3: Yuniti zimehesabiwa wapi?

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, tena bila mhesabuji kujua. Dashibodi ikikuambia gari limetumia yuniti 17, yaani kWh 17, kwa kilomita 100, hizo ni zilizotoka kwenye betri. Chaja na betri hula sehemu njiani kwa njia ya joto, na asilimia 12 ni makadirio mazuri kwa chaja ya nyumbani. Kwa hiyo ukutani zimetoka yuniti 19.3. Njia bora ni kufunga mita ndogo kwenye laini ya chaja na kuisoma kwa mwezi mzima. Ukifanya hivyo, usiongeze tena ile asilimia 12, maana mita imeshaihesabu.

Bado kuna nyaya. Umeme hupotea kati ya kituo cha kuzalisha na nyumba yako. Gridi nzuri hupoteza chini ya asilimia 10, lakini Kenya upotevu umevuka asilimia 20 miaka ya karibuni. Sehemu yake ni wizi wa umeme, ambao si joto la nyaya, kwa hiyo ukiutwika gari wote unalionea kidogo. Tuanze na 10.

Kiwango cha hewa ukaa kwa yuniti pia kina mtego wake. Chukua kinachojumuisha ujenzi wa kituo na uchimbaji wa makaa, si moshi wa bomba peke yake, la sivyo sola na maji vitaonekana sifuri. Viwango vya kati vya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, vya mwaka 2014 ni gramu 820 kwa makaa ya mawe, 24 kwa maji na 41 kwa sola ya paani. Vyote hupimwa kituoni, ndiyo maana upotevu wa nyaya unauongeza mwenyewe.

```
B1  17     kWh/100 km
B2  0.12
B3  0.10
B4  820    g/kWh
B5  =B1/(1-B2)/(1-B3)*B4/100
```

B5 inatoa gramu 176 kwa kilomita. Weka 24 kwenye B4, utapata 5. Kwa sola ya paani weka 41, na B3 iwe 0 kwa kuwa umeme haupiti kwenye gridi: jibu ni 8.

Sasa rudisha makaa na upandishe B3 iwe 0.20. Inaruka hadi 198. Nafuu dhidi ya petroli imebaki gramu 5!

Hatua ya 4: Deni linalipwa lini?

Gawa gramu 3,200,000 kwa nafuu ya kila kilomita. Kwa maji na sola ni kilomita 16,000 na ushee, mwaka mmoja hivi kwa mtu anayeendesha kila siku. Kwa makaa, gridi ikipoteza asilimia 10, ni takriban 118,500. Ikipoteza 20 inapita 600,000, na gari litakufa kwanza. Kituo kikongwe cha makaa kinachotoa gramu 1,000 kwa yuniti hulifikisha gari gramu 215 hata gridi ikipoteza asilimia 10 tu, kwa hiyo deni halilipwi kamwe.

Hatua ya 5: Kagua ulichoandika

Kama paneli ziko paani lakini gari linachajiwa saa mbili usiku, na hakuna betri ya kuhifadhi umeme wa mchana, hiyo si 41. Andika kiwango cha gridi. Bwawa nalo likikauka, majenereta ya dizeli au gesi huziba pengo, na mabwawa mengine ya nchi za joto hutoa methani inayopandisha ile 24 mara nyingi.

Kagua pia mpinzani. Toyota Aqua, haibridi inayokunywa kama lita 4.5, hutoa gramu 130. Ikisimama mbele ya gari linalochajiwa kwa makaa pekee, Aqua inashinda.