Somo: PS4 iliyotumika, ikague hivi kabla hujatoa pesa

PS4 yangu ya kwanza niliinunua mkononi mwa mtu. Nilikwenda na CD yangu ya mpira, nikacheza kama dakika kumi, picha safi, pedi nzima, nikalipa. Nilipofika nyumbani nikaunganisha intaneti, nikaingiza akaunti yangu, ikaja namba WS-37397-9. Mashine yenyewe ilikuwa imefungiwa na Sony isiingie PSN, yaani mtandao wao wa magemu. Siyo akaunti, ni mashine. Nikaifuta yote nikaanza upya, namba ikarudi ile ile, kwa sababu kifungo hicho kimeandikwa upande wa Sony kwa utambulisho wa mashine, hakikai ndani ya hadi disiki. Muuzaji simu hapokei.

Ndiyo maana somo hili ni la PS4 tu, na linafuata mpangilio maalumu. Tenga saa moja. Beba waya wako wa HDMI, waya wa kuchajia pedi, CD moja ya gemu nzito na simu yenye bando.

Hatua ya 1: Ikute ikiwa ya baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika shika mgongo wake. Ikiwa tayari ina joto, huenda ina tabia ya kugoma kuwaka na yeye ameshahangaika nayo. Ukiiwasha, taa ipige bluu kidogo kisha iwe nyeupe. Ikibaki bluu inapepesa na picha haiji, funga mazungumzo hapo.

Hatua ya 2: Matundu

Tundu la HDMI ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu watu huvuta mashine waya ukiwa bado umechomekwa. Mulika kwa tochi ya simu. Ndani kuna kiulimi chenye vipini vidogo; kiwe kimenyooka katikati, kisiwe kimepasuka wala kuwa na kipini kilichojikunja. Kisha chomeka waya wako, picha ikija utikise taratibu juu na chini. Picha ikikatika, tundu limelegea kwenye bodi. Kama taa ni nyeupe na TV inasema hakuna mawimbi hata kwa waya wako, hapo ni tundu au chipu ya HDMI, na zote mbili zinahitaji fundi wa kuchomelea mwenye mkono mzuri.

USB za mbele jaribu zote kwa kuchajia pedi. Hazichukui muda.

Hatua ya 3: CD

Ingiza CD yako. Mashine iivute yenyewe bila kusukumwa, na isikwaruze. Subiri gemu lionekane kwenye skrini, lifungue, kisha itoe na kuirudisha mara tatu. Mlango wa CD unaosoma mara moja na kugoma mara mbili ni mbovu, hata muuzaji akisema CD ndiyo chafu. Wewe unajua CD yako.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kwenye PS4 nene za mwanzo, ile bodi ndogo ya mlango wa CD imefungamanishwa na bodi kuu ya mashine hiyo hiyo. Mtu akibadilisha mlango mzima kwa wa mashine nyingine bila kuhamisha bodi ya zamani, CD itaingia vizuri tu lakini gemu halitasomwa. Kwa hiyo ukiambiwa "mlango ni elfu kidogo tu, utabadilisha", ujue siyo rahisi hivyo.

PS4 hizo nene za mwanzo zina ugonjwa mwingine: zinalia zenyewe na kutema CD bila kuguswa. Mara nyingi ni mguu wa mpira ulio chini ya kitufe cha kutolea CD, umevimba ukawa unakigusa. Hiyo isikutishe, ila itaje wakati wa kupatana bei.

Hatua ya 4: Feni, na pedi wakati huo huo

Kwenye menyu kila PS4 imetulia. Fungua lile gemu zito, ingia uwanjani hasa, kisha cheza dakika 30. Feni kupanda ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni ile inayopanda ndani ya dakika tano na haishuki tena, au inayokwaruza kama kitu kinagusa mapanga yake.

Weka kiganja nyuma, hewa inapotokea. Feni ikiwa inavuma kwa nguvu na hewa ni kidogo, ndani kumejaa vumbi. Hewa ikiwa nyingi lakini vuguvugu tu huku feni ikilia, ile dawa ya joto juu ya chipu huenda imekauka, joto halifiki kwenye bati la kupoza. Yote mawili yanatibika kwa kufungua na kusafisha. Ikijizima kwa joto mbele yako, mimi naondoka.

Katika hizo dakika 30 ondoa waya wa pedi ucheze bila waya, maana ipo pedi inayofanya kazi ikichomekwa tu. Kisha muache mchezaji asimame na usiguse chochote. Kamera ikizunguka yenyewe, fimbo imechakaa. Bonyeza L3 na R3, na vuta L2 polepole uone kama inahesabu kidogo kidogo au inaruka.

Hatua ya 5: Akaunti, kabla ya pesa

Washa hotspoti ya simu yako, unganisha mashine. Tengeneza mtumiaji mpya kwa New User, ingiza akaunti yako ya PSN. Mashine ikiwa na programu ya zamani itataka kusasishwa kwanza, kwa hiyo mwambie muuzaji aisasishe mapema. Ukiingia na ukaona marafiki zako, mashine haijafungiwa.

Baada ya hapo muuzaji aingie kwenye akaunti yake: Settings, Account Management, Activate as Your Primary PS4, achague Deactivate. Kisha Settings, Initialization, Initialize PS4, achague Quick, maana Full inakula masaa. Ikiwaka upya itaomba pedi ichomekwe kwa waya na uchague lugha. Hapo ndipo unatoa pesa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, muuzaji ananiambia ina magemu 15 ndani, kwa hiyo nisiifute. Nifanyeje?*

Hayo magemu ni ya akaunti yake, siyo ya mashine. Akihamishia Primary kwenye PS4 nyingine, kesho utayakuta yamewekewa kufuli. Lipia mashine tupu na CD unazozishika mkononi.

*Yangu nimeambiwa nisiisasishe kabisa wala nisiunganishe intaneti, eti itaharibika.*

Hiyo imechipiwa. Magemu yake yanategemea programu ya zamani, ukisasisha hayafunguki. Kama unajua unachonunua, sawa. Ila hutaweza kuijaribu kwa hatua ya 5, kwa hiyo hesabu kama vile imeshafungiwa na bei iendane na hilo.

*Kaka, nilishalipa, nakuta mtumiaji wa zamani ameweka namba ya siri. Ndiyo basi?*

Hapana, hilo ni dogo. Izime kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7. Chomeka pedi kwa waya, chagua Initialize PS4. Mtumiaji na namba yake vinaondoka. Kisha ingia PSN uone kama ile WS-37397-9 haikusubiri.

*Fimbo ya pedi ikizunguka yenyewe, nikatae mashine nzima?*

Usikatae. Fimbo inabadilishwa kwa kuchomelewa, au unanunua pedi nyingine. Toa bei ya pedi kwenye bei ya mashine, akikataa mwachie.