Intaneti ikikwama, soma orodha ya ruta kabla ya kuizima

Kosa linalopoteza muda zaidi hufanyika mwanzoni kabisa: intaneti imekwama, mtu anachomoa ruta na kuichomeka tena. Kwa dakika chache mambo yanakwenda, halafu yanarudi palepale. Tatizo ni kwamba ruta huhesabu pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazopita kwa kila kifaa, na hesabu hizo hufutika ikizimwa. Kifaa kilichokuwa kinakula laini nacho kinakatishwa kazi kwa muda, kwa hiyo unafungua orodha ya vifaa kwenye ukurasa wa ruta na kukuta vyote vimetulia. Orodha inasomwa wakati mkwamo unaendelea. Ukichelewa dakika kumi, unasoma kitu kingine.

Mwongozo huu unafaa zaidi nyumba zenye laini moja na watu wengi, kama zile za kupanga za Nkuhungu, Ipagala au Kisasa jijini Dodoma, ambako wapangaji wa vyumba vitano au sita huchangia bili ya mwezi. Humo ndimo lawama huanza haraka, na mara nyingi humwangukia mtu ambaye siye.

Kuingia kwenye ukurasa wa ruta hakuhitaji intaneti, maana unazungumza na kifaa kilichomo ndani ya nyumba. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Ukitaka uhakika, kwenye Windows andika `ipconfig` na usome mstari wa Default Gateway. Jina na nywila ya kuingilia viko kwenye stika chini ya ruta, kama hakuna aliyevibadilisha. Ukitumia simu, zima kwanza data ya simu. Usipoizima, simu ikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye bando, na ukurasa wa ruta hautafunguka hata ujaribu mara ngapi.

Kabla ya kuorodhesha chochote, hakikisha kwamba tatizo ni laini kujaa, siyo waifai dhaifu. Fungua madirisha mawili ya amri kwenye kompyuta ya Windows na uyaache yakiendelea:

```
ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8
```

Ya kwanza inapima safari ya kutoka kwako hadi kwenye ruta, kwa hiyo weka hapo anwani ya ruta yako. Ya pili inapima safari ya hadi nje. Kama ruta inajibu kwa milisekunde 2 au 5 huku ya nje ikipanda hadi 900 au 1,200, foleni iko kwenye laini, na orodha ya vifaa itakusaidia. Kama hata ruta yenyewe inajibu kwa mamia ya milisekunde, shida ni mawimbi: uko mbali, kuta ni nene, au ruta za majirani zimejazana kwenye chaneli moja. Hapo usimtafute mtu. Sogea karibu na ruta upime tena.

Sasa orodha. Ruta nyingi zina orodha mbili, na watu hufungua ile isiyofaa. Orodha ya DHCP, ambayo huandikwa DHCP Clients List, inaonyesha kila kifaa kilichopewa anwani, hata kama mwenyewe ameshaondoka kwenda kazini Mtumba tangu asubuhi, kwa sababu anwani hubaki imeshikwa hadi muda wake uishe, na mara nyingi muda huo ni saa kadhaa au siku nzima. Hiyo itakusaidia kupata majina tu. Unayoihitaji ni ile ya vifaa vilivyounganishwa sasa hivi pamoja na hesabu za pakiti. Kwenye TP-Link za zamani iko chini ya Wireless, imeandikwa Wireless Statistics, na ina safu mbili: Received Packets na Sent Packets.

Usiamini majina ya safu hizo bila kujaribu. Ruta moja huhesabu kwa upande wa simu, nyingine kwa upande wake yenyewe, na maana hugeuka. Siku ambayo laini iko tulivu, cheza video kwenye simu yako kwa nusu dakika uone ni safu ipi inayopanda zaidi kwenye mstari wa simu hiyo. Hiyo ndiyo ya kupakua. Andika kwenye karatasi uibandike nyuma ya ruta.

Namba zenyewe hazisemi kitu zikisomwa mara moja. Kifaa chenye pakiti milioni mbili huenda kimefikisha hesabu hiyo tangu juzi, na sasa kimelala. Kinachotakiwa ni tofauti. Piga picha ya orodha, subiri sekunde 60 kwa saa, bonyeza Refresh, piga picha ya pili, kisha toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Pakiti iliyojaa hubeba takribani baiti 1,400, kwa hiyo zidisha tofauti kwa 1,400, gawanya kwa 60, zidisha kwa 8, na utapata biti kwa sekunde. Ukipata jibu hasi, kifaa kilitoka na kuingia tena katikati ya kipimo na hesabu yake ikaanza sifuri. Rudia.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye laini ya megabiti 10 za kupakua na 2 za kupakia. Ni saa mbili usiku, televisheni ya sebuleni inazungusha duara, na simu za vyumbani hazifungui hata picha moja. Baada ya dakika moja tofauti zinatoka hivi: televisheni imepokea pakiti 18,000 na kutuma 9,000. Kompyuta mpakato ya chumba cha nyuma imepokea 4,900 na kutuma 9,800. Simu nne zilizobaki hazijafika 300 kila moja.

Ukijumlisha tu, televisheni ndiyo yenye namba kubwa, na wengi wangeichomoa. Lakini fanya hesabu. Pakiti 18,000 kwa dakika ni kama megabiti 3.4 kwa sekunde, na laini ina 10. Haijaijaza. Zile 9,000 ilizotuma nazo ni ndogo sana: kila pakiti mbili hivi zinazopokelewa, kifaa hurudisha risiti moja kwamba mzigo umefika, na risiti hiyo ina baiti 60 na kitu tu. Zote kwa pamoja hazifiki hata megabiti 0.1.

Kompyuta ina sura iliyogeuka: inatuma mara mbili ya inavyopokea. Hiyo ndiyo alama ya kifaa kinachopakia, kwa kawaida picha na mafaili yanayonakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Pakiti zake 9,800 zimejaa, kwa hiyo ni megabiti 1.8 kwa sekunde kwenye njia ambayo uwezo wake ni 2. Njia ya kupakia imejaa, risiti za televisheni na za simu zote zinasimama kwenye foleni nyuma ya picha hizo, na bila risiti mtumaji wa upande wa pili hupunguza kasi. Ndiyo maana video inakwama wakati njia ya kupakua iko nusu tupu. Televisheni hapo imeonewa.

Kwa hiyo kila mstari uusome kwa safu zote mbili na uwiano wake. Kifaa kinachopakua hutuma nusu ya kinavyopokea, au pungufu zaidi. Kikituma zaidi ya kinavyopokea, kitazame kwa makini hata kama namba yake ni ndogo, maana laini nyingi zina njia finyu ya kupakia.

Kujua mwenye kifaa ni kazi nyingine. Linganisha anwani ya MAC, ile namba inayotambulisha kila kifaa, na majina yaliyo kwenye orodha ya DHCP. Jina linaloanza na DESKTOP- ni kompyuta ya Windows ambayo haijabadilishwa jina, na ESP_ mara nyingi ni taa au soketi ya kuwashwa kwa simu. Kama herufi ya pili ya anwani ni 2, 6, A au E, anwani hiyo imetungwa na kifaa chenyewe ili kuficha ile ya kiwandani. Simu za Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hufanya hivyo, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta mtengenezaji wake. Kinachobaki ni kuuliza kwa heshima, na uulize kuhusu kazi ya kifaa, siyo kosa la mtu: “Samahani dada, kompyuta yako inapakia picha sasa hivi? Hebu isimamishe kidogo tuone.” Ping ya nje ikishuka kutoka 1,200 hadi 60 ndani ya sekunde chache, umepata. Isiposhuka, umwombe radhi uendelee.

Ruta nyingine zinaonyesha majina na anwani tu, bila hesabu. Hapo gawa vifaa nusu kwa nusu. Kama viko 8, zima waifai kwenye 4 na utazame ping. Ikishuka, mhusika yumo katika hao waliozimwa. Isiposhuka, yumo kwa waliobaki. Raundi tatu zinatosha akiwa mmoja. Ukiamua kutumia kizuizi cha MAC badala ya kuzunguka vyumbani, hakikisha umechagua Deny. Ukichagua Allow ukaandika kifaa kimoja, unawafungia wote wengine nje, na wewe mwenyewe utalazimika kuingia kwa waya ili kurekebisha.

Waya ndio unaosahaulika. Kinasa cha kamera za ulinzi kilichochomekwa nyuma ya ruta hakionekani kwenye orodha ya waifai, na mtu akitazama kamera kutoka safarini, kinapakia mfululizo. Chomoa waya mmoja mmoja huku ukitazama ping. Kifaa cha kurefusha waifai nacho huweza kuonekana kama mteja mmoja mwenye mzigo mkubwa, kumbe nyuma yake wako watu watano.

Ukishampata, hakuna haja ya kumfungia. Unakili wa picha uhamishiwe saa sita usiku, au uwekewe kikomo. Kwenye TP-Link za zamani fungua Bandwidth Control, andika 1700 kwenye Egress Bandwidth kwa laini ya kupakia ya megabiti 2, kisha ipe kompyuta ile kikomo cha 500; namba hizo ni kilobiti kwa sekunde. Kwanza iwekee anwani ya kudumu kwenye Address Reservation, maana kikomo hufuata anwani ya IP, na ikibadilika kesho, atakayebanwa ni mtu mwingine.

Ikitokea jumla ya vifaa vyote haifiki hata megabiti 1, na ping ya nje bado iko juu huku ya ruta iko chini, mhusika hayumo nyumbani. Mpigie mtoa huduma na umsomee namba hizo tatu pamoja na saa uliyozichukua. Muulize pia kama kifurushi kimefika kikomo na kasi imepunguzwa.