Urefu wa tao la parabola: ile logi inatoka wapi?

Wiki hii nimeulizwa swali hili mara tatu na wanafunzi wa kidato cha sita, kwa hiyo naliandika mara moja hapa. Mtu anachukua parabola nyepesi kuliko zote, y = x², anatafuta urefu wa tao lake kutoka x = 0 hadi x = 1, na kwenye jibu anakuta `ln`. Hakuna logi popote kwenye swali. Imeingilia mlango gani?

Hatua ya 1: makadirio kabla ya hesabu

Tao letu linaanza (0,0) na kuishia (1,1). Mstari mnyoofu kati ya nukta hizo una urefu wa √2, yaani 1.414, na tao haliwezi kuwa fupi kuliko huo. Sasa chora tanjenti kwenye (1,1). Mteremko wake ni 2, hivyo inakata mhimili wa x kwenye 0.5. Ukitembea kwenye mhimili hadi 0.5, kisha ukapanda kwa hiyo tanjenti, umelizunguka tao kwa nje: 0.5 + 1.118 = 1.618. Jibu lazima liwe kati ya 1.414 na 1.618. Mshike huyo 1.118, tutakutana naye tena.

Hatua ya 2: intigrali

Kipande kidogo cha tao ni kiegama cha pembetatu yenye pembe mraba, upande mmoja dx na mwingine dy. Kwa kuwa mteremko ni 2x, Pithagorasi anatupa:

```
L = ∫ √(1 + 4x²) dx,  x kutoka 0 hadi 1
```

Hatua ya 3: badala

Tunataka kitu ambacho kikiwekwa mahali pa 2x, mzizi ufunguke. Tunajua 1 + sinh² t = cosh² t. Basi weka 2x = sinh t. Hapo mzizi unakuwa cosh t, na dx inakuwa ½ cosh t dt. Hiyo nusu iandike sasa hivi, usiseme utaikumbuka baadaye.

```
L = ½ ∫ cosh² t dt
  = ¼ [ t + sinh t · cosh t ]
```

Mstari wa pili umetokana na cosh² t = ½(1 + cosh 2t). Mipaka nayo inabadilika: x = 0 inatoa t = 0, na x = 1 inatoa t ambayo sinh yake ni 2. Kwenye mpaka huo wa juu cosh t = √(1 + 4) = √5.

Hatua ya 4: t ni ngapi?

Hapa ndipo logi inapobisha hodi. Sinh imeundwa na e, hivyo sinh t = 2 maana yake ni eᵗ − e⁻ᵗ = 4. Ita eᵗ kuwa u, zidisha kote kwa u, upate u² − 4u − 1 = 0. Majibu ni 2 + √5 na 2 − √5. La pili ni hasi, na eᵗ haiwi hasi kamwe, kwa hiyo tunalitupa. Basi t = ln(2 + √5), karibu 1.4436.

```
L = √5/2 + ¼ ln(2 + √5)
  = 1.1180 + 0.3609 = 1.4789
```

Tumo ndani ya mipaka yetu. Na tazama: √5/2 ndiye yule 1.118, urefu wa kipande cha tanjenti kutoka mhimili hadi (1,1). Si bahati. Kwa parabola hii, tao lolote linaloanzia kwenye kipeo ni sawa na kipande chake cha tanjenti, ukijumlisha sehemu ya logi.

Sababu yenyewe

Aljebra imetupa logi, lakini mimi huridhika zaidi na picha. Chora Y = √(1 + 4x²). Urefu tunaoutafuta ni eneo lililo chini ya mchoro huo. Ukiupandisha kwenye kipeo cha pili unapata Y² − 4x² = 1, na hiyo ni haipabola.

Kutoka (0,0) vuta mstari hadi (1, √5). Eneo limegawanyika vipande viwili. Chini kuna pembetatu yenye kitako 1 na kimo √5, eneo lake √5/2. Juu kuna kipande chenye ncha kwenye (0,0) na ukingo wa haipabola. Kipande hicho ndicho logi yetu.

Kwa nini? Vunja mlinganyo: (Y − 2x)(Y + 2x) = 1. Ita mabano ya kwanza p, ya pili q, na unapata p = 1/q. Huu ni mchoro ambao eneo lake kila mtu analijua: kutoka 1 hadi q ni ln q. Kwenye x = 0, q ni 1. Kwenye x = 1, q ni 2 + √5. Kipande chenye ncha kwenye (0,0) nacho kina eneo hilohilo la ln q, kwa sababu pembetatu tunayoongeza na ile tunayopunguza zote ni nusu. Kuhama kutoka x na Y kwenda p na q kunakuza maeneo mara 4, ndiyo maana kuna robo mbele ya logi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, sisi tulifundishwa kuweka 2x = tan θ. Ni makosa?

Si makosa, ila ni njia ya vumbi. Unapata ½ ∫ sec³ θ dθ. Unaifanya kwa sehemu, na intigrali ileile inarudi upande wa kulia ikiwa na alama ya kutoa. Wengi hudhani wamepotea, wanafuta. Usifute: ihamishe kushoto, ugawe kwa 2. Utabaki na

```
¼ [ sec θ tan θ + ln(sec θ + tan θ) ]
```

Tan θ = 2 na sec θ = √5, jibu ni lilelile. Pembe yenyewe huihitaji, kwa hiyo usiitafute kwenye kikokotoo.

Mimi nimepata 2.958. Nimekosea wapi?

Hiyo ni mara mbili kamili ya jibu. Umeisahau ile nusu ya dx. Na 2.958 inapita 1.618, kwa hiyo hatua ya 1 ingekushtua mapema.

Nina kamba ya daraja la kuning'inia, upana mita 40, imezama mita 4 katikati. Naweza kutumia hii?

Ndiyo, mradi kamba inabeba sakafu yenye uzito uliosambaa sawasawa kwa mlalo. Parabola ni y = 0.01x², x kutoka 0 hadi 20. Fuata hatua zilezile ukiweka 0.02x = sinh t; nusu moja inakuwa

```
10√1.16 + 25 ln(0.4 + √1.16) = 10.770 + 9.751
```

Zidisha kwa 2: mita 41.04. Ila mnyororo unaoning'inia kwa uzito wake wenyewe si parabola.

Kwa hiyo kila parabola ya aina yoyote ina logi?

Hapana. Jaribu y² = x³, mchoro ambao nao huitwa parabola japo si ile ya kawaida. Chini ya mzizi unapata 1 + 9x/4, x haina kipeo cha pili, na intigrali inatoka bila logi. Mwaka 1659 Mholanzi Hendrik van Heuraet alichapisha urefu wa mchoro huo, na papo hapo akaonyesha kwamba urefu wa parabola ya kawaida unategemea eneo la haipabola.

Na kama ingekuwa alama ya kutoa, √(1 − 4x²)?

Hapo Y² + 4x² = 1, ambayo ni duaradufu. Unaweka 2x = sin θ, na kile kipande chenye ncha kwenye (0,0) kinakupa pembe θ mahali pa logi.