Jinsi ya kuandika nadharia ya Merton kwa maneno yako bila kurudishiwa asaimenti

Muhula uliopita niliandika insha ya anomia, nadharia ya mwanasosholojia Robert Merton kuhusu kwa nini watu huvunja kanuni za jamii, nikaweka (Merton, 1938) mwishoni mwa kila aya nikiamini nimejikinga. Ilirudi imepigwa mistari myekundu chini ya sentensi kumi na moja, na pembeni imeandikwa "wizi wa maandishi". Iliniuma, kwa sababu hakuna sentensi hata moja niliyokuwa nimeinakili neno kwa neno. Nilipewa siku nne za kurudia, na alama zikakatwa nusu. Kama uko chuoni hapa Mtwara na una insha ya nadharia mezani, soma hii kabla hujaanza kuandika.

Kosa langu lilikuwa kubadili maneno na kuacha mifupa ya sentensi ilivyo. Chukua sentensi hii, nimeitunga mwenyewe ifanane na zile za vitabu vya kiada: "Jamii huwawekea watu wote malengo ya mafanikio, lakini haiwapi wote njia halali za kuyafikia, pengo hilo huzaa mkengeuko." Mimi ningeandika: "Jamii huwapangia wanajamii wote shabaha za ufanisi, ila haiwapatii wote mbinu halali za kuzifikia, mwanya huo huleta ukengeushi." Fuata kwa kidole utaona mpangilio ni uleule na vituo ni vilevile. Kuweka jina la Merton mwishoni hakuponyi kitu, maana jina linasema wazo ni la nani. Halisemi kwamba na sentensi umeichukua. Hata kutafsiri kutoka Kiingereza sentensi kwa sentensi ni kosa hilohilo.

Kilichonisaidia ni kufunga kitabu. Nilisoma kurasa zangu mara mbili, nikaziacha chumbani, nikaenda kwa mama mdogo Chikongola aliyekuwa anachambua korosho. Nikamweleza kwa Kiswahili cha nyumbani Merton anadai nini. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwizi hana kosa?" Swali hilo ndilo lililonionyesha kwamba nilikuwa sijaielewa nadharia. Merton hamsafishi mtu. Anaeleza shinikizo linatoka wapi. Niliporudi niliandika kwanza nilichomjibu mama mdogo, ndipo nikakigeuza kuwa cha insha: "Merton (1938) hatafuti chanzo cha mkengeuko katika tabia ya mtu mmojammoja. Anaangalia muundo wa jamii: mtu anayehimizwa kufanikiwa kama wenzake, huku njia zinazokubalika zimemfungia, hubaki na msukumo wa kutafuta njia nyingine." Baada ya hapo fungua kitabu ulinganishe. Kama maana imepinda, rekebisha maana. Kama sentensi imerudia umbo la kitabu, ivunje tena.

Istilahi usiziguse. Anomia ibaki anomia. "Ubunifu" kwa Merton ni kulikubali lengo la jamii na kulifikia kwa njia isiyokubalika. Ukiandika "uvumbuzi wa maendeleo" umemgeuza. Na usimchanganye na Durkheim, mwanasosholojia aliyemtangulia. Kwa Durkheim, katika kazi yake ya 1897 kuhusu kujiua, anomia ni hali ya kanuni kulegea zisiweze kuzuia matamanio ya watu. Merton aliichukua dhana hiyo akaijenga upya juu ya pengo la malengo na njia.

Sehemu ya pili iliyonigharimu ni mfano wa kwetu. Niliandika kwamba mnunuzi wa kangomba, anayechukua korosho za mkulima kwa bei ya chini nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ni "mbunifu", kisha nikafunga kwa (Merton, 1938). Merton hakuandika habari za kangomba. Ukifanya hivyo unamsingizia maneno. Tenganisha: sentensi ya nadharia ibebe jina lake, kisha anza mpya, "Kwa kutumia dhana hiyo, naona kwamba…". Na taarifa yenyewe ya kangomba inadai chanzo chake, iwe ripoti, gazeti au mahojiano yako.

Kama makala ya Merton hujaisoma na umemkuta ndani ya kitabu cha mtu mwingine, sema hivyo. Kwa mtindo wa APA ni (Merton, 1938, kama alivyonukuliwa katika Fulani, 2015), na kwenye orodha ya marejeo anaingia Fulani peke yake. Kwa Durkheim uliyemsoma katika tafsiri ya Kiingereza ya 1951, weka miaka yote miwili: (Durkheim, 1897/1951).

Kabla ya kwenda steshenari kuchapa, pita kila sentensi na kalamu mbili, bluu kwa la mwananadharia na kijani kwa lako. Ile unayoshindwa kuipa rangi ndiyo ya kuandika upya usiku huo.