Tangazo langu la kwanza la kazi: namna ya kuliandika ili ajibu mtu unayemtaka

Niko na kenkayeri, butike ya vifaa vya kujenga, hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, si mbali na soko. Miaka yote nilikuwa nauza pamoja na mdogo wangu. Alipoenda Kolwezi kutafuta maisha yake, nilichukua karatasi ya fakture, nikaigeuza, nikaandika kwa biki:

"Tunatafuta kijana mwaminifu, mchapakazi, anayejua Kifaransa. Piga simu."

Nikaibandika mlangoni, mtoto wangu akaipiga picha na kuituma kwenye makundi ya Watsapu. Kesho yake simu ililia kabla jua halijatoka. Mpaka Jumamosi walikuwa wamepiga watu 63. Kulikuwa dereva wa kamyo, kulikuwa mtu aliyemaliza sheria kwenye iniversite, kulikuwa mwingine aliyedhani ni kazi ya karyere ya shaba. Waaminifu wote, wachapakazi wote. Kwani nani angepiga aseme yeye si mwaminifu?

Kuanzia mtu wa kumi hivi, nilianza kuandika maswali yao kwenye daftari ya madeni. Yalikuwa yaleyale: ni kazi gani? Ni wapi? Saa ngapi mpaka saa ngapi? Pesa ngapi? Na wanawake sita waliuliza kama "kijana" ni mwanaume tu. Ile kurasa ya daftari ndiyo iliyonifundisha tangazo.

Hatua ya kwanza: andika kazi kabla ya kuandika mtu

Nilikaa siku nzima nikiandika kila kitu nilichofanya kaunta. Kupima waya kwa meta na kuikata. Kupima misumari kwenye mizani. Kuandika fakture. Kutoa hesabu kwenye fishi ya stoki kila kitu kinapotoka. Kupokea dola na franka katika malipo moja, na kurudisha chenji bila kukosea. Jioni, kuhesabu kese pamoja na mimi.

Kisha nikaona kile ambacho hakimo: kubeba simenti. Mifuko ya kilo 50 inabebwa na vijana wa depo. Mimi nilikuwa natafuta "kijana" sababu kichwani nilikuwa naona mgongo wa kubeba, na kumbe muuzaji wangu habebi kitu kizito kuliko kopo la rangi. Neno "kijana" likaanguka hapo.

Na Kifaransa nacho nilikiweka kwa nini? Kwa sababu matangazo yote yanakiweka. Wateja wangu wanaongea Kiswahili. Fakture inaandikwa kwa Kifaransa, ndiyo, lakini ni maneno yaleyale kila siku, mtu anayesoma vizuri anayashika kwa wiki mbili.

Hatua ya pili: tenga ya lazima na ya kufundishwa

Piga mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja weka vitu ambavyo huwezi kufundisha kaunta wateja wakisubiri: kusoma, kuandika, kuhesabu haraka. Upande wa pili weka vile utafundisha: kwamba kwa kawaida waya ya taa ni 1,5 na ya prizi ni 2,5, tofauti ya feri ya 8 na ya 10, bei zetu. Mimi upande wa lazima ulibaki na mistari mitatu. Ukiwa na kumi, soma tena, utakuta umeandika tabia, si uwezo. Tabia hazipimwi kwenye tangazo.

Hatua ya tatu: saa

Hapa ndipo nilipojikuta mwenyewe na kosa. Butike inafunguliwa saa 1 na nusu asubuhi, inafungwa saa 11 na nusu jioni, siku sita. Ni saa 10 kwa siku, 60 kwa wiki. Nilikuwa tayari kuandika hivyo. Jirani yangu aliyefanya kazi ofisini akanionyesha sheria ya kazi, ile ya 16 Oktoba 2002: saa 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni saa za nyongeza, na zinalipwa zaidi ya saa za kawaida.

Basi nikahesabu upya. Kuanza saa 2 asubuhi, kumaliza saa 10 na nusu, katikati saa moja ya kula: inabaki saa 7 na nusu za kazi. Mara siku sita, ni 45 kamili. Kufungua na kufunga nafanya mwenyewe. Kama nisingelazimishwa kuandika saa kwenye karatasi, ningemchukua mtu na kumchosha, kisha kushangaa anakimbia.

Hatua ya nne: mshahara, kwa tarakimu

"Mshahara mzuri" na "tutaongea" vinaleta watu wote, ndiyo shida yake. Uliza kwanza kwa enspeksio ya kazi kiwango cha chini cha sheria kimefika wapi, sababu kinabadilika, na cha muuzaji si sawa na cha mtu wa kazi za mikono. Kisha andika namba yako na useme italipwa lini.

Hatua ya tano: weka swali dogo

Hii ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Badala ya simu, nikaomba ujumbe wenye jibu la hesabu moja inayotokea kaunta yangu kila siku. Asiyesoma tangazo mpaka mwisho hatajibu, na anayejibu umeshaona anavyohesabu na anavyoandika.

Tangazo la pili likatoka hivi:

"KAZI YA KUUZA KENKAYERI, komini ya Kenya, karibu na soko. Nafasi moja, mwanamke ao mwanaume.
Kazi: kuhudumia wateja, kupima na kukata waya, kuandika fakture na fishi ya stoki, kupokea dola na franka, kuhesabu kese jioni. Hakuna kubeba simenti.
Lazima: kusoma na kuandika vizuri, kuhesabu haraka, kuongea Kiswahili. Majina ya vitu na bei tutakufundisha.
Saa: Jumatatu mpaka Jumamosi, saa 2 asubuhi mpaka saa 10 na nusu, na saa moja ya kula.
Mshahara: franka 800.000 bruti kwa mwezi, na transpore. Unalipwa siku ya mwisho ya mwezi.
Usipige simu. Tuma ujumbe kwa namba ya butike: jina lako, mahali ulipowahi kuuza kama umewahi, na jibu la swali hili: mteja amenunua vitu vya dola 34, ametoa noti ya 50. Kwenye kese una noti moja tu ya dola 10, na franka. Leo dola 1 ni franka 2.500. Utamrudishia nini?
Mwisho wa kutuma: Ijumaa saa 10 jioni. Hatuombi pesa yoyote ya dosie. Usilete diplome orijinali."

Ile sentensi ya dosie usiidharau. Watu wengi hapa wameliwa na matangazo ya uongo yanayodai pesa kidogo "ya kufungua dosie", na mtu makini akisikia harufu hiyo anapita njia.

Zilifika ujumbe 19. Jibu ni dola 10 na franka 15.000, waliopata walikuwa 11. Wawili kati yao walifanya zaidi ya kuhesabu: waliuliza kama mteja amekubali kiwango hicho kabla ya kupewa franka. Niliita watatu, wale wawili na mwingine aliyekuwa ameuza maduka ya rangi.

Wakifika, niliwapa kila mmoja fungu la noti niseme ni malipo ya mteja. Ndani nilitia dola 20 yenye mpasuko mdogo pembeni, kama ukucha. Mnajua wenyewe: franka iliyochakaa inatembea, lakini dola iliyochanika hakuna atakayeipokea kwako kesho. Wawili waliihesabu ikapita. Mama mmoja wa miaka 41, aliyekuwa ameuza sabuni na mafuta soko la Kenya, aliipitisha kidole pembeni, akaitoa, akaiweka juu ya kaunta bila kusema neno. Huyo kwenye tangazo la kwanza asingepiga. Aliniambia aliliona, akasoma "kijana", akaendelea na safari yake.

Maswali ya wanachama

*Mama Furaha:* Yaya, nikiandika mshahara mlangoni, wale wawili nilio nao tayari wataona mtu mpya anawashinda. Nifanye nini?

Wataona tu, Mama, hata usipoandika, siku ya kwanza ya malipo. Kama mpya anawashinda kwa kazi ileile, rekebisha wa zamani kwanza, kisha bandika karatasi. Kama kazi si ileile, ndiyo maana orodha ya kazi iko juu ya mshahara kwenye tangazo.

*Papa Ilunga:* Niliibiwa mara mbili. Naweza kuandika kwamba mtu alete kosio, pesa ya dhamana ya dola 100?

Papa, ukifanya hivyo utafanana na wale wa dosie, na mwenye shida ya kweli hatakuwa na hiyo 100. Mimi niliomba namba ya bosi wa zamani, si kwenye tangazo bali baada ya kuonana, na nikampigia. Swali langu lilikuwa moja: "Ungemrudisha kazini kesho?" Sikiliza anavyonyamaza kabla ya kujibu. Wizi wenyewe unazuiwa na fishi ya stoki na kese inayohesabiwa na watu wawili.

*Héritier:* Mimi nachukua wawili, wanafanya mwezi bure, nabaki na mmoja. Kuna ubaya?

Uko, mdogo wangu. Muda wa majaribio ni kazi, unalipwa. Tena sheria inataka uandikwe, na una mwisho: mwezi mmoja kwa mtu wa kazi za mikono asiye na ufundi, miezi sita kwa wengine. Mimi niliandika miezi miwili kwenye kontra.

*Mama Bernadette:* Kwa nini umeandika "bruti"?

Sababu mwezi wa kwanza ungenigombanisha naye. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya CNSS, ile kese ya pensheni ya wafanyakazi, kwa 800.000 ni 40.000, na kodi ya mshahara juu yake. Mimi bosi naongeza asilimia 13 yangu, hiyo haitoki kwake. Anayesoma tangazo bila neno hilo anahesabu 800.000 mkononi.

*Papa Ilunga:* Na karatasi iko bado mlangoni?

Nilisahau kuitoa wiki nzima. Ile picha ya Watsapu ndiyo mbaya zaidi, inazunguka mpaka leo. Juzi kijana mmoja wa Likasi amenitumia jibu, dola 10 na franka 15.000. Nilimjibu kwamba nafasi imejaa, na nikaandika jina lake kwenye daftari.