Mwenzako Anafanya Kazi Nje kwa Zamu: Jinsi ya Kupanga Saa, Simu na Upweke

Mume wangu alifanya kazi ghalani Toronto, Kanada, kwa miaka 3, kwa zamu zinazobadilika kila wiki 2. Mimi nilibaki na watoto na ajira yangu, saa zangu zikiwa za Afrika Mashariki, yaani UTC+3. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio uliotufikisha mwisho wa miaka hiyo tukiwa bado tunaongea vizuri. Nchi mliko ikiwa nyingine, badilisha tarakimu tu.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnataja saa ya nani

Wiki ya 3 tangu aondoke aliniandikia, "Nipigie kesho saa 2, sina kazi." Nikawalaza watoto mapema, ilipofika saa mbili usiku nikapiga. Iliita mpaka ikakata, mara 3. Kumbe yeye alikuwa ameshazoea kusoma 2:00 kwenye kioo cha simu, akimaanisha saa nane mchana ya kule, ambayo kwangu ni saa nne usiku. Nilipopiga kwake ilikuwa saa sita mchana, yuko chini anafua nguo na simu ameiacha chumbani. Alipokuja kukaa kunisubiri, mimi nilikuwa nimenuna na simu nimeizima. Siku 2 hatukusemeshana.

Tangu hapo, ahadi ya simu iliandikwa kwa saa za tarakimu 24, ya kwako na ya kwangu pamoja: "20:00 kwako, 12:00 kwangu." Anayepanga ndiye anayepiga hesabu, na anayepokea anaihakiki. Kwa mdomo tulitaja saa kama kawaida, ila tukiongeza "usiku ya kwako" au "asubuhi ya kwangu".

Hatua ya 2: Laza siku zenu 2 bega kwa bega

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande mmoja andika siku yako tangu kuamka hadi kulala, upande wa pili siku ya mwenzako, ila saa zake zigeuze ziwe saa zako. Fanya karatasi moja kwa kila zamu, maana kila zamu ni siku tofauti kabisa.

Miezi ya baridi Toronto iko nyuma yangu kwa saa 8. Zamu yake ya jioni ilianza 14:00 hadi 22:30, kwangu ikawa 22:00 hadi 06:30. Mimi nilifika nyumbani 17:30, yeye alitoka kwake 13:00, yaani 21:00 yangu. Hapo tulikuwa na nafasi ya saa 3 na nusu, tukachagua 19:30, watoto wakiwa wameshakula.

Zamu ya asubuhi ndiyo iliyotutesa. Aliingia 06:00 akatoka 14:30, akafika chumbani 15:30, na kwangu hiyo ni 23:30. Nilijaribu kumsubiri macho. Wiki nzima nikawa naongea nusu usingizi, najibu "mm" kila kitu, naye akadhani nimemchoka. Karatasi ndiyo iliyotuonyesha nafasi ambayo hatukuifikiria: alilala 21:30, kwangu 05:30. Nikawa naamka 05:00 na tunaongea dakika 25, yeye yuko kitandani, mimi nawasha jiko. Zilikuwa fupi, lakini wote tulikuwa na akili timamu.

Kama mmoja wenu ana zamu na mwingine ana uhuru kidogo wa ratiba, mwenye uhuru ndiye asogee. Ila asisogee kwa kukata usingizi wake kila siku. Ukiona mnagombana sana kwenye simu za usiku wa manane, angalieni usingizi kwanza kabla ya kutafuta kosa lingine.

Hatua ya 3: Machi na Novemba, rudia hesabu

Huku saa hazibadiliki mwaka mzima. Kanada na Marekani, sehemu kubwa, husogeza saa mbele Jumapili ya 2 ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya 1 ya Novemba. Nchi nyingi za Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kwetu tofauti ilishuka kutoka saa 8 hadi 7, na simu yetu ya 05:00 ikageuka 04:00. Hiyo hatukuiweza. Lakini karatasi mpya ilionyesha kwamba anapofika chumbani 15:30, kwangu sasa ni 22:30. Tukahamia huko mpaka Novemba.

Kwenye kalenda ya simu, ukiandika miadi, gusa palipoandikwa `Time zone` uchague mji wa mwenye zamu. Saa zikibadilika kule, kalenda yako itasogeza miadi yenyewe.

Hatua ya 4: Msichanganye simu ya shughuli na simu yenu

Ada, kodi, mgonjwa, fundi: haya yana siku yake. Kwetu yalikuwa Jumatano, dakika 20, nikiwa nimeyaandika. Kabla ya hapo kila simu ilianza na pesa na kuisha na pesa, na yeye akafika mahali pa kuogopa jina langu likitokea kwenye kioo. Alinikiri hivyo, na niliumia, lakini alikuwa mkweli.

Kukosa simu nako kuwe na kanuni. Yetu: piga mara 2, kisha andika "nipo salama, tutaongea" na uache. Aliyekosa anaandika sababu kabla ya kulala, sentensi moja inatosha. Sauti ikikatika, zimeni picha kwanza. Sauti peke yake inahitaji mtandao kidogo sana kuliko video.

Hatua ya 5: Tafuta saa ya upweke

Upweke hauji sawasawa siku nzima. Kwa wiki 2 kila mmoja aandike saa ulipombana na alikuwa anafanya nini. Wangu ulikuja Jumapili kati ya 16:00 na 19:00. Wake ulimpata akifungua mlango wa chumba usiku, 23:30, baada ya zamu ya jioni.

Wangu simu haikuuponya. Nikikata, nyumba ilizidi kuwa kimya. Nilichohitaji ni watu, basi Jumapili hizo nikawa natoka na watoto kwenda kwa dada yangu. Wake ulitaka sauti yangu. Saa 23:30 yake ni 07:30 yangu, niko njiani kwenda kazini, siwezi kuongea. Nikawa namrekodia ujumbe wa sauti kabla sijatoka, dakika 3 hivi, wa mambo madogo: mtoto aking'ang'ania kufunga viatu mwenyewe, mfuniko ukianguka. Aliniambia mfuniko ule aliurudia mara 4.

Kuna upweke usioisha kwa ratiba. Mtu akikosa usingizi au hamu ya chakula, akijitenga na kukosa raha karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, amwone daktari huko huko aliko. Akitaja kutaka kufa, usisubiri hata siku moja. Mtafutie mtu wa karibu afike alipo.

Na ikiwa karatasi inaonyesha nafasi za wazi, wote mko macho, mtandao upo, lakini mmoja anaziruka wiki baada ya wiki, hapo tatizo si saa tena. Mwulize moja kwa moja, kwenye simu ndefu siku ambayo hana kazi kesho yake.