Skrini Inayopepesa Mwangaza Ukishushwa: Jinsi ya Kuipima na Kuituliza

Mchana simu yangu yenye skrini ya OLED hainisumbui. Usiku nikishusha mwangaza karibu na mwisho, nusu saa ya kusoma inatosha kunipa macho mazito na kichwa kinachogonga. Nilidhani ni uchovu tu, mpaka nilipoipima.

Skrini nyingi hazififishi mwanga wenyewe. Huuwasha na kuuzima upesi, njia inayoitwa PWM. Tuseme inawaka mara 240 kwa sekunde: kila mzunguko ni milisekunde 4 na ushee. Mwangaza ukiwa nusu, mwanga na giza hugawana muda sawasawa. Ukishuka hadi asilimia 10, skrini huwaka kwa chini ya nusu milisekunde, muda wote uliobaki ni giza. Jicho lililotulia halioni kitu. Lakini jicho linalosoma hurukaruka kutoka neno hadi neno, na hapo mapigo hayo huweza kuacha alama. Wengine hawasikii chochote. Wakiwa hivyo, waache mipangilio yao ilivyo.

Hatua ya 1: Pima. Zima taa za chumbani, maana balbu za LED nazo hupepesa na zitakudanganya. Zima mwangaza wa otomatiki, fungua ukurasa mweupe. Chukua simu ya pili yenye kamera inayokuruhusu kuchagua kasi ya shata, weka 1/2000 ya sekunde, kisha itazame skrini kupitia kamera hiyo. Kamera husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo vipindi vya giza hujitokeza kama mikanda myeusi. Ukiona mstari mmoja mwembamba tu, usihangaike: OLED nyingi hufanya hivyo kila picha inapobadilishwa.

Hatua ya 2: Tafuta kizingiti. Pandisha mwangaza kidogo kidogo huku ukitazama mikanda. Kwangu, kwenye asilimia 20 ilikuwa minene kuliko nafasi nyeupe. Kwenye 60 ikawa nyuzi tu. Hapo ndipo nilipoacha kitelezi cha mwangaza.

Hatua ya 3: Tia giza kwa programu. Kwenye simu nyingi za Android 12 na kuendelea, nenda `Settings > Accessibility > Extra dim`. Kwenye iPhone, `Settings > Accessibility > Display & Text Size > Reduce White Point`. Hizi hufanya rangi zenyewe kuwa nyeusi zaidi, bila kurefusha kipindi cha kuzimika. Pima tena: picha iwe hafifu, mikanda ibaki myembamba.

Gharama ipo. Vivuli vya giza huchanganyikana, kwa hiyo mimi huzima `Extra dim` ninapotazama filamu. Mwangaza wa otomatiki nao ubaki umezimwa, la sivyo utakishusha kitelezi chako usiku uleule unaokihitaji.

Mikanda ikibaki minene hata juu kabisa, programu haitakusaidia. Washa taa nyuma ya simu, au usome kwenye skrini nyingine uliyoipima.